Klipingi maski: kuweka picha ndani ya herufi bila kuikata

Swali linalorudi kila wiki kwa wanaoanza kutengeneza mabango ni lile lile: "Nawezaje kufanya picha ionekane ndani ya maandishi tu?" Wengi huanza kwa kufuta pembeni mwa picha kwa raba, herufi baada ya herufi, hadi usiku unaingia. Kisha mteja anaomba neno libadilishwe na kazi yote inaanza upya. Klipingi maski ipo ili usifike huko. Picha inabaki nzima, neno linabaki maandishi yanayoharirika, na kuviunganisha ni kazi ya sekunde moja.

Tutafanya kazi moja kutoka mwanzo hadi mwisho: neno PEMBA lililojazwa picha ya karafuu zilizoanikwa juani. Maelezo ni ya Photoshop. Photopea, inayofunguka bure ndani ya kivinjari, inafuata njia hiyo hiyo kwa tofauti ndogo nitakazozitaja zinapotokea. GIMP na Illustrator zina njia zao, nazo zimewekwa mwishoni kwa sababu ndizo zinazowachanganya watu zaidi.

Jambo moja la kuelewa kabla hujagusa kipanya

Leya ya chini ndiyo umbo. Leya ya juu ndiyo kinachoonekana ndani ya umbo hilo. Palipo na kitu kwenye leya ya chini, picha ya juu inaonekana; palipo wazi, picha inajificha. Inajificha tu, haijafutwa.

Angalia kwamba rangi ya leya ya chini haihusiki hata kidogo. Herufi ziwe nyeusi, njano au nyeupe, matokeo ni yale yale. Kinachohesabika ni kama pikseli ipo au haipo, na ipo kwa kiasi gani. Ukichora leya ya chini kwa brashi laini ambayo kingo zake zinafifia, picha nayo itafifia kwenye kingo hizo hizo. Anayetoka kwenye leya maski ya kawaida, ile ya nyeusi kuficha na nyeupe kuonyesha, huteleza hapa: hupaka umbo la chini rangi nyeusi akitarajia picha ipotee, na haipotei.

Unachohitaji

Picha yenye mchoro uliosambaa sawasawa. Karafuu kwenye jamvi zinafaa sana, kwa sababu popote herufi itakapoangukia utaona karafuu. Kanga, mawimbi, ukuta wa matumbawe, umati wa watu uwanjani, vyote vinakaa vizuri. Picha ya uso wa mtu mmoja haifai kwa maandishi: jicho litaangukia kwenye nafasi kati ya herufi mbili, na mtazamaji hatajua anatazama nini.

Picha iwe kubwa. Kwa kazi yetu upana wake usipungue pikseli 1800. Picha ya kamera ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000 inatosha na kuzidi, lakini ukitumiwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida itakuja ikiwa imebanwa. Mwambie aliyenayo akutumie kama hati.

Fonti nene. Kadiri mstari wa herufi ulivyo mnene ndivyo picha inavyopata pa kuonekana. Tutatumia `Impact`, ambayo kwa kawaida inakuja na Windows na Mac. Fonti nyembamba za kuandika kwa mkono hazifai kabisa hapa. Utabaki na uzi wa kahawia ambao hakuna atakayejua ni karafuu.

Hatua

1. Fungua ukurasa mpya kwa `File > New`. Weka upana pikseli 1920, urefu pikseli 1080, na `Resolution` 72. Usiipuuze hiyo 72. Kwenye 72, pointi moja ya fonti ni sawa na pikseli moja, kwa hiyo vipimo vya hatua inayofuata vitakubali. Ukiweka 300, fonti ya pointi 600 itakuwa na ukubwa wa pikseli 2500 na herufi zitatoka nje ya ukurasa. Paka `Background` rangi ya maziwa, kwa mfano `#F3E9D7`.

2. Bonyeza `T` kwenye kibodi, kisha bofya mara moja tu juu ya ukurasa na uandike PEMBA kwa herufi kubwa. Bofya, usiburute. Ukiburuta unatengeneza kisanduku cha maandishi, na kikiwa kidogo herufi hazitaingia na utadhani programu imeharibika. Chagua `Impact`, andika ukubwa 600 kwa mkono kwenye nafasi ya `pt`, kisha uthibitishe kwa alama ya vema iliyo juu. Neno litachukua upana wa pikseli kama 1650. Bonyeza `V` ulisogeze katikati.

   Lipe neno PEMBA rangi ya kijani kali isiyopatana na chochote kwenye picha. Ndiyo, kijani kinachochoma macho. Rangi hiyo haitaonekana mwishoni, ila itakuambia mara moja kama kuna sehemu ya herufi ambayo picha haijaifikia. Ukitumia kahawia au nyeusi juu ya picha ya karafuu, pengo litajificha hadi siku bango limeshachapwa.

3. Kwenye paneli ya `Layers`, hakikisha leya ya maandishi ndiyo iliyochaguliwa. Picha mpya huingia juu ya leya iliyochaguliwa, na hapo juu ndipo tunapoitaka.

4. Ingiza picha kwa `File > Place Embedded`. Kwenye Photopea ni `File > Open & Place`. Picha itakuja ikiwa na vishikio kwenye pembe. Usiharakishe kubonyeza `Enter`.

5. Sasa angalia upana, maana hapa ndipo wengi wanapokosea bila kujua. Photoshop huipunguza picha ili itoshe ndani ya ukurasa. Picha ya 4000 kwa 3000 ikibanwa kwenye urefu wa 1080 inakuwa na upana wa 1440. Neno letu lina 1650. Maana yake ni kwamba kila upande zinabaki pikseli kama 105 zisizo na picha: mgongo wa P na mguu wa mwisho wa A vitabaki kijani. Buruta pembe ya picha kwenda nje hadi kidokezo kinachotokea kando ya kipanya kionyeshe upana wa karibu 1800. Hapo unapata ziada ya pikseli 75 kila upande, za kukuwezesha kusogeza picha baadaye. Kisha bonyeza `Enter`.

6. Leya ya picha ikiwa imechaguliwa, nenda `Layer > Create Clipping Mask`, au bonyeza:

```
Windows: Alt + Ctrl + G
Mac:     Option + Command + G
```

   Kwenye Photopea menyu inaitwa `Layer > Clipping Mask`. Njia ya tatu, ambayo wenye mazoea huipenda: shika `Alt` na upeleke kipanya kwenye mstari unaotenganisha leya hizo mbili. Mshale utabadilika kuwa kimraba chenye kimshale kilichopinda. Bofya.

7. Soma paneli ya `Layers` kabla hujasoma ukurasa. Kijipicha cha karafuu kimesogea kulia kidogo na kina kimshale kinachotazama chini. Jina la leya ya maandishi limepigiwa mstari. Alama hizo ndizo ushahidi. Zikiwepo, maski ipo hata kama kwenye ukurasa hukioni ulichokitarajia, na tatizo lako liko kwingine.

8. Panga picha ndani ya herufi. Leya ya picha ikiwa imechaguliwa, bonyeza `V` na uburute: karafuu zinatembea, herufi zimesimama. Bonyeza `Ctrl + T` ukitaka kukuza au kuzungusha. Vishikio vitatokea nje ya herufi, pale ambapo picha yenyewe inaishia, na hilo ni kawaida.

   Tumia dakika mbili tatu hapa. Ukisogeza mpaka eneo lenye mwanga mwingi likae juu na lenye kivuli likae chini, neno linapata uzito kama kitu kilichosimama. Angalia pia ukubwa wa karafuu zenyewe. Zikiwa kubwa kiasi kwamba karafuu moja inajaza mguu mzima wa M, hakuna atakayezitambua. Zikiwa ndogo mno zinageuka vumbi. Kwa mguu wa herufi wenye upana wa pikseli mia moja hivi, karafuu nne au tano zikipangana upande kwa upande zinasomeka vizuri.

9. Kama picha imefifia dhidi ya rangi ya ukurasa, ongeza `Layer > New Adjustment Layer > Curves` juu ya picha, kisha vuta katikati ya mstari wake chini kidogo. Utaona ukurasa wote umekuwa mweusi zaidi, na maziwa ya `Background` nayo. Ni kwa sababu leya ya `Curves` haijafungwa kwenye herufi. Bonyeza `Alt + Ctrl + G` tena. Sasa inagusa karafuu tu. Unaweza kupanga leya nyingi namna hii juu ya umbo moja, mradi ziwe zimefuatana bila kuachana.

10. Kivuli na mstari wa pembeni viweke kwenye leya ya maandishi. Visiende kwenye picha. Bofya mara mbili pembeni mwa jina la leya ya maandishi, chagua `Drop Shadow`, jaribu `Opacity` 35, `Distance` 6, `Size` 10. Ukitaka mstari, tumia `Stroke` yenye `Size` 3 na `Position` iwe `Outside`. Kivuli ukikiweka kwenye leya ya picha hakitaonekana nje ya herufi, kwa kuwa chochote cha leya hiyo kinachotoka nje ya umbo kinafichwa, kivuli kikiwemo.

11. Hifadhi nakala ya `PSD` kwanza, hiyo ndiyo mama wa kazi. Halafu `File > Export > Export As`. Ukitaka neno peke yake bila ukurasa, zima jicho la `Background` na uchague `PNG`. `JPEG` haina uwazi, itakujazia rangi nyuma.

Mteja akibadilisha neno

Bofya mara mbili kijipicha chenye T, andika neno jipya, thibitisha. Karafuu zinajipanga zenyewe ndani ya herufi mpya. Kitu kimoja cha kuangalia: UNGUJA ina herufi sita, kwa hiyo neno linapanuka, na picha ya upana wa 1800 iliyokuwa ikiitosha PEMBA huenda isifike mwisho. Hapo ndipo kijani chako kitakapopiga kelele. Ama punguza fonti, ama ikuze picha.

Kama neno limeandikwa kwa leya mbili, tuseme PEMBA mstari wa juu na KARAFUU chini yake, usinakili picha mara mbili. Chagua leya zote mbili za maandishi, bonyeza `Ctrl + G` zikae kwenye kundi, kisha ifunge picha kwenye kundi lenyewe. Photoshop inakubali kundi kuwa umbo tangu `CS6` ya mwaka 2012. Picha inatiririka kutoka mstari wa juu hadi wa chini kama dirisha moja, na hilo linapendeza kuliko picha mbili zilizokatizwa.

Isipokubali

*Picha inaonekana nzima, kana kwamba hakuna maski.* Tazama leya iliyo chini yake moja kwa moja. Mara nyingi ni `Background`, ambayo imejaa ukurasa mzima, kwa hiyo picha imefungwa kwenye umbo la ukurasa mzima. Pandisha leya ya picha hadi iwe mara tu juu ya maandishi na ufunge tena.

*Picha imepotea kabisa.* Huenda iko nje ya herufi. Bonyeza `Ctrl + T` uone vishikio viko wapi. Au leya ya maandishi imezimwa jicho. Ukizima umbo, vyote vilivyofungwa juu yake vinazimika pamoja nalo.

*Picha imefifia na `Opacity` yake ni 100.* Angalia `Opacity` ya leya ya maandishi. Vilivyofungwa vinafuata ufifu wa umbo. Umbo likiwa 60, picha haiwezi kupita hapo hata uipandishe vipi.

*Herufi zina rangi moja, picha haionekani ingawa kimshale kipo.* Leya ya maandishi ina `Color Overlay` au `Gradient Overlay`. Rangi hizo hupakwa juu ya picha. Ziondoe.

*`Create Clipping Mask` imefifia, haibofyeki.* Ama bado uko katikati ya kubadili ukubwa na hujabonyeza `Enter`, ama leya uliyochagua ndiyo ya chini kabisa na haina cha kufungwa juu yake. `Background` yenyewe haiwezi kufungwa kwenye kitu.

*Leya mpya imeingia ndani ya herufi bila kuambiwa.* Uliiburuta kati ya maandishi na picha. Leya yoyote inayoingizwa katikati ya mlolongo hufungwa papo hapo. Ipandishe juu ya mlolongo wote au ishushe chini ya maandishi.

*Umefungua leya moja na zote zimefunguka.* Ukitumia `Release Clipping Mask` kwenye leya, zilizo juu yake zinafunguka pamoja nayo. Ukitaka kuitoa moja tu, iburute itoke kwenye mlolongo.

Walio kwenye GIMP

Mafunzo mengi ya GIMP hayapiti kwenye klipingi maski. Yanatumia leya maski iliyotengenezwa kwa umbo la herufi. Bofya leya ya maandishi kwa kitufe cha kulia, chagua `Alpha to Selection`. Nenda kwenye leya ya picha, bofya kitufe cha kulia, `Add Layer Mask`, kisha chagua `Selection` na ubonyeze `Add`. Zima jicho la leya ya maandishi, ondoa uteuzi. Matokeo yanafanana, lakini uhusiano haupo: ukibadilisha neno, maski inabaki na herufi za zamani, na itabidi uifute na kuitengeneza upya. Kwa hiyo hakikisha tahajia na mteja kabla ya hatua hii. Panga pia picha mahali pake kabla ya kuweka maski, maana baadaye ukisogeza leya ya picha, maski inasogea pamoja nayo.

Walio kwenye Illustrator

Huku mpangilio umepinduka, na ndipo mtu mwenye ujuzi wa Photoshop anapohangaika nusu saa. Umbo linakaa juu, picha inakaa chini. Weka picha, andika neno juu yake, chagua vyote viwili, kisha `Object > Clipping Mask > Make` au `Ctrl + 7`. Ukiona umepata picha nzima na maandishi yametoweka, au programu imekataa, jambo la kwanza la kukagua ni mpangilio huo: chagua neno, bonyeza `Shift + Ctrl + ]` lipande juu kabisa, rudia `Ctrl + 7`. Rangi ya herufi itapotea mara tu maski inapofanyika, na hilo lisikutishe. Maandishi bado ni maandishi, yabofye mara mbili uendelee kuhariri. Kufungua ni `Alt + Ctrl + 7`.